Saa Moja ya Kasindi: Kwa Nini Programu Hugoma Tarehe ya Simu Ikikosewa

Jumatano moja ya Mei 2025, mama mmoja anayeuza vitenge soko la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, aliweka simu yake juu ya meza yangu hapa Bwera akasema, "Fundi, wamefunga tena." Hakuhitaji kueleza zaidi. Aliyekuwa Uganda Januari 2021 anakumbuka mitandao ya kijamii ilivyofungwa siku mbili kabla ya uchaguzi, kisha intaneti nzima ikakatwa kwa siku kama tano. Tangu hapo, WhatsApp ikigoma tu, wazo la kwanza la watu wengi ni serikali. Wazo la pili ni bando.

"Mama, mbona yangu inapita?" nikamwonyesha.

"Basi ni bando. Lakini nimenunua jana!"

Nikaifungua. Juu ya kioo palikuwa na maneno `Your phone date is inaccurate`, yaani tarehe ya simu yako si sahihi, na chini yake akaambiwa arekebishe saa ajaribu tena. Maneno yenyewe yalikuwa wazi kabisa. Tatizo ni kwamba yaliandikwa kwa Kiingereza, na hata baada ya kufasiriwa bado hayakumwingia akilini. Saa ina uhusiano gani na ujumbe? Simu ilikuwa inapiga na kupokea. Meseji za kawaida zilikuwa zinaingia. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amebonyeza `*165#` akatuma pesa kwa mshonaji wake wa Kasese, na zikafika. Kama simu na laini ni nzima, na bando lipo, kalenda inamkosesha nini mtu kutuma picha ya kitenge?

Swali lake ni la haki, na jibu lake linaanzia hapohapo, kwenye vitu vilivyokuwa vinafanya kazi. Unapopiga simu, unapotuma meseji au unapobonyeza namba ya mobile money, simu yako haihitaji kujua leo ni siku gani. Kampuni ya simu inaitambua laini yako kwa siri iliyofichwa ndani ya ile kadi ndogo, na saa inayoandikwa kwenye risiti ya muamala ni ya mitambo yao wenyewe. Simu inayodhani tuko mwaka 1970 itatuma pesa bila wasiwasi. Programu inayopita kwenye intaneti ni habari nyingine. Yenyewe inapaswa kujihakikishia kwamba seva, yaani kompyuta iliyo upande wa pili, ni ya kweli kabla haijatoa neno lolote, na katika uhakiki huo tarehe ni sehemu ya ushahidi.

Kabla ya ushahidi, tuiangalie saa yenyewe. Ndani ya simu kuna kipande kidogo cha fuwele kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Sakiti iliyo karibu nacho inahesabu mitetemo hiyo na kuongeza sekunde moja kila inapotimia. Fuwele hukosea kidogo, pengine sekunde moja au mbili kwa siku, na hilo halimsumbui mtu. Jambo la kukumbuka ni kwamba kuhesabu huku kunahitaji umeme muda wote, hata simu ikiwa imezimwa. Zipo simu zenye akiba ndogo ya umeme kwa ajili ya kazi hii. Nyingi za bei nafuu hazina, au ilishakufa zamani. Betri ikichomoka, hesabu inapotea, na umeme ukirudi simu inaanza upya kutoka tarehe aliyoiweka mtengenezaji. Kuna zinazoanza 1 Januari 1970, kuna zinazoanza tarehe ambayo mfumo wake ulitengenezwa, na ya mama huyu ilikuwa ya kundi linaloanza 1 Januari 2010, saa sita usiku.

Nilipoiangalia ilisema 2 Januari 2010, saa nne na dakika tano asubuhi. Tarehe ya namna hiyo fundi haidharau, kwa sababu ni ya uongo lakini inaeleza kitu. Toka saa sita usiku wa 1 Januari hadi hapo ni saa 34 na dakika tano. Ukutani kwangu ilikuwa saa tatu na dakika ishirini, Jumatano tarehe 14. Nikarudi nyuma saa 34 na dakika tano, nikafika Jumatatu usiku, saa tano na robo.

"Mama, juzi usiku, kabla ya kulala, simu ilianguka?"

Akanitazama kama nimepiga ramli. "Iliteleza kitandani. Betri ikaenda chini ya kitanda."

Sasa twende kwenye uhakiki wenyewe. Programu yako inapoiita seva, seva huonyesha cheti. Cheti hicho kina jina la mwenye nacho, kina sahihi ya mamlaka ambayo simu yako inaiamini tangu kiwandani, na kina tarehe mbili: kilianza kutumika lini na kinaisha lini. Mtu mwenye kompyuta anaweza kuzisoma kwa amri moja, na kwa tovuti ya kawaida angeona kitu kama hiki:

```
notBefore=Mar  3 08:12:41 2025 GMT
notAfter=Jun  1 08:12:40 2025 GMT
```

Hicho ni cheti cha siku 90, muda ambao tovuti nyingi hutumia. Simu yenye saa sahihi ikikipokea tarehe 14 Mei inaona iko katikati ya tarehe hizo mbili, inaendelea. Simu ya mama wa vitenge inaona iko Januari 2010, na cheti kinasema kitaanza kutumika Machi 2025, miaka kumi na mitano ijayo. Ni sawa na karani kuletewa leo kibali kilichogongwa mhuri wa mwaka 2040. Hatauliza mengi. Mwenye simu iliyokwenda mbele hadi 2031 anakwama upande wa pili, maana kwake cheti kilikwisha zamani. Ndiyo maana kivinjari cha Chrome katika hali hii huandika ama `Your clock is behind` ama `Your clock is ahead`, yaani saa yako iko nyuma au iko mbele. Kwangu mimi huo ndio ujumbe bora kuliko wote, kwa sababu unataja na upande wa kosa.

Mtu anaweza kusema hapa programu inashupaa bure. Sahihi ya mamlaka ipo, jina ni lenyewe, tarehe tu ndiyo haikai, basi ipite! Lakini fikiria cheti cha mwaka 2019 ambacho ufunguo wake wa siri uliibiwa. Mwenye tovuti alishapata kingine, na cha zamani kimekwisha muda. Mwizi bado anacho, na sahihi iliyo juu yake ni ya kweli mpaka leo. Kinachomzuia asijifanye ndiye seva ni ile tarehe ya mwisho peke yake. Simu inayoamini tuko 2019 ingempokea mwizi kwa mikono miwili. Kwa hiyo programu isiyojua leo ni lini haiwezi kutofautisha cheti hai na cheti kilichofukuliwa kaburini, na badala ya kubahatisha inakataa. Muda wa vyeti unazidi kufupishwa kwa sababu hiyohiyo. Vyeti vya tovuti viliruhusiwa kuishi hadi siku 398, lakini Aprili 2025 jukwaa la kampuni za vyeti na za vivinjari lilipitisha mpango wa kushuka hadi siku 200 kuanzia Machi 2026, 100 kuanzia Machi 2027 na 47 kuanzia Machi 2029. Dirisha likiwa jembamba hivyo, hata simu iliyochelewa mwezi mmoja tu itaanza kugonga ukuta.

Kuna swali la pili ambalo vijana huniuliza, na ni zuri: kama seva inajua saa ya kweli, si imwambie tu simu? Hapo ndipo mduara unapojifunga. Ili kuiamini saa ya seva, simu lazima kwanza iiamini seva. Ili kuiamini seva, lazima ihakiki cheti, na kuhakiki cheti kunadai saa. Mtu asiyejulikana anayekuja mlangoni na kukuambia "leo ni tarehe fulani, kwa hiyo kitambulisho changu ni halali" hajakuthibitishia kitu. Saa lazima itoke mlango mwingine, na simu inayo milango miwili ya kawaida. Wa kwanza ni mnara wa kampuni ya simu, ambao unaweza kuitumia simu saa na ukanda wa saa laini inapojisajili. Wa pili ni seva za saa za intaneti, zinazoulizwa kwa njia nyepesi ambayo kwa kawaida haidai cheti chochote. Ndiyo maana simu iliyopotea hadi 2010 inaweza kujirudisha yenyewe ndani ya dakika moja au mbili ikipata mtandao, mradi imeruhusiwa kuuliza. Ya mama huyu haikuruhusiwa, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza nimalize sababu nyingine inayoifanya WhatsApp hasa kuwa kali kwa kalenda. Kila toleo lake linajua lilitengenezwa lini, na lina siku ya kuzeeka. Simu ikidai tuko miaka mingi kabla ya toleo hilo kutengenezwa, hakuna haja ya kuuliza cheti: programu haiwezi kuwa imezaliwa kesho. Saa ikienda mbele mno, kosa linabadilika sura, unaambiwa toleo lako limepitwa na wakati na ulipakue jipya, ingawa ulilisasisha wiki iliyopita. Nimeona watu wakimaliza bando kwa kupakua toleo jipya mara tatu kwa ajili ya mwaka ulioandikwa vibaya. Na wapo wajanja wanaofanya kinyume, wanarudisha saa nyuma ili toleo lililozeeka liendelee kufunguka. Hufanikiwa kwa muda mfupi, kisha vyeti vinawakamata kwa upande mwingine na wanakuja kwangu wakisema simu ina kirusi.

Sasa kwa nini simu ya mama haikujirekebisha? Hapa ndipo mpaka wetu unapoingia. Uganda iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, ile inayoandikwa GMT au UTC. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, Kasindi, mashariki ya Kongo iko saa mbili mbele. Kwetu ikiwa saa tatu asubuhi, kwao ni saa mbili. Minara haijui mto. Ukisimama sokoni Mpondwe simu inaweza kushika mtandao wa Kongo, na ikishika, inapokea ukanda wa saa wa Kongo, saa kwenye kioo inarudi nyuma saa moja. Wenzetu wa Katuna wanaipata kutoka Rwanda. Wa Elegu wameijua tangu 1 Februari 2021, siku Sudan Kusini ilipoacha saa yetu ikahamia saa mbili mbele ya saa ya dunia.

Jambo linalowashangaza watu ni kwamba badiliko hili la saa moja haliidhuru programu hata kidogo. Ndani kabisa, simu haihifadhi "saa tatu na dakika ishirini Jumatano". Inahifadhi idadi ya sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia. Asubuhi ile idadi ya kweli ilikuwa 1747203600, na ilikuwa hiyohiyo Bwera, Kasindi, Dubai na Guangzhou. Ukanda wa saa ni miwani tu ya kuisomea: kwa miwani ya Uganda unasoma 9:20, kwa ya Kongo unasoma 8:20. Cheti kinalinganishwa na idadi ya sekunde, hakilinganishwi na unachosoma kupitia miwani. Simu ya mama ilikuwa na 1262415900, na hilo ndilo lililoharibika.

Lakini saa moja ya Kasindi inachosha. Inaharibu kengele ya alfajiri, inakuchelewesha kwenye basi. Kwa hiyo miezi kadhaa nyuma mtu alimsaidia mama, akaingia kwenye setingi na kuzima "mambo ya otomatiki" yote, kisha akaipanga saa kwa mkono. Kosa ni hilo neno "yote". Kwenye simu nyingi za Android kuna swichi mbili zilizokaa jirani, moja `Set time automatically` na nyingine `Set time zone automatically`; kwenye simu nyingine maneno hutofautiana kidogo. Ya kwanza ndiyo inayorekebisha idadi ya sekunde. Ya pili inabadilisha miwani. Tatizo la mpakani ni la miwani, na alichohitaji ni kuzima ya pili tu na kuchagua Kampala, `GMT+03:00`. Alipozima na ya kwanza, simu haikulalamika, iliendelea kuhesabu vizuri kwa fuwele yake miezi yote hiyo. Ila haikuwa na mahali pa kuuliza siku itakaposahau, na siku hiyo ilikuja Jumatatu usiku chini ya kitanda.

Kosa la huyo aliyemsaidia mama linafanyika pia kwa simu zilizotumika zinazoletwa kutoka Dubai au China. Simu inafika bado imevaa ukanda wa kule. Ya China inaonyesha saa tano mbele ya yetu. Mnunuzi anaona saa si sawa, anazima otomatiki, anarudisha mishale nyuma saa tano. Kioo sasa kinasoma vizuri na roho imetulia, lakini ndani simu inaamini iko China na idadi yake ya sekunde imerudishwa nyuma kwa saa tano nzima. Hapo alitakiwa abadilishe ukanda, aache saa ilivyo. Unaitambua hali hii haraka: saa ya kioo ni sahihi, tarehe ni sahihi, lakini chini ya saa pameandikwa mji usiokuhusu.

Kurekebisha simu ya mama kulichukua muda mfupi kuliko maelezo haya. Niliingia `Settings`, kisha `System`, kisha `Date & time`. Kwenye Samsung utaipata chini ya `General management`, na kwenye iPhone ni `General`, halafu `Date & Time`, na swichi inaitwa `Set Automatically`. Nikawasha saa ya otomatiki, nikaacha ukanda wa otomatiki ukiwa umezimwa, nikachagua Kampala. Nikawasha hali ya ndege, nikahesabu hadi kumi, nikaizima ili laini ijisajili upya. Tarehe ikaruka kutoka 2010 hadi 2025 mbele ya macho yake. Tukafunga WhatsApp kabisa na kuifungua tena, na picha za wateja wa Butembo zikaanza kumiminika.

Mahali ambapo mnara hautoi saa na data hakuna, utaiandika kwa mkono, na hapo anza na mwaka. Ndio wanaousahau, kwa sababu hauonekani kwenye kioo cha mbele. Nimeshapokea simu yenye siku, mwezi na dakika sahihi kabisa, mwaka 2015.

Kitu ambacho ningependa watu waache ni kuifuta programu ili waisakinishe upya. Mwenye simu ya 2010 akiifuta WhatsApp, hana tena mazungumzo ambayo hayakuhifadhiwa, na akienda dukani kuipakua, Play Store nayo inakataa, kwa sababu nayo inahakiki cheti kwa saa ileile mbovu. Anabaki bila programu na bila njia ya kuipata. Hapo ndipo anapotokea mtu wa kumwekea WhatsApp ya magendo kutoka kwenye memori kadi. Kufleshi simu ni gharama ya bure kwa tatizo hili.

Nilidhani habari ya mama imekwisha. Jioni mwanawe akaja na simu yake. Kumbe nyumbani nako betri ilikuwa imetolewa, kwa sababu walikuwa wamejaribu ile ya simu ya mama kwenye simu yake, nayo ikaanza upya. Yeye alijitengenezea mwenyewe. Aliweka tarehe 14 Mei 2025 bila kosa. Kisha akamuuliza bibi yake saa ngapi, bibi akamjibu, "Saa tatu na dakika ishirini," naye akaandika 3:20 AM.

Tucheke kidogo, ila kosa hili ni letu sote tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko. Saa tatu asubuhi ya Kiswahili, na ya Kiganda pia, simu inaiita 9:00. Tofauti ni saa sita kamili, na simu haina swichi ya kuelewa hilo. Mtu hujua kanuni hii vizuri akisoma saa, mkono wake unaisahau anapoandika. Upo na mtego wa siku: wazee wetu, na Waislamu hasa, huhesabu siku mpya tangu jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Alhamisi mtu anaweza kukuambia kwa haki kabisa kwamba tayari ni Ijumaa, nawe ukaandika tarehe ya kesho.

Kijana WhatsApp yake ilifunguka. Hilo ndilo lililomchanganya, na ndilo nilitaka wasomaji waelewe. Saa sita si kitu mbele ya cheti cha siku 90 kilichoanza Machi na kitakachoisha Juni. Uko ndani ya dirisha tu. Kosa linakuja seva inapobadilisha cheti. Cheti kilichotolewa saa mbili zilizopita, kwa simu iliyo nyuma saa sita bado hakijaanza, na tovuti itagoma asubuhi na kufunguka mchana bila mtu kugusa kitu. Simu inayogoma leo na kupona yenyewe kesho, mimi naiangalia saa kwanza. Kwa zile programu zinazotoa namba sita za kuingilia akaunti, saa sita ni nyingi mno: namba hizo hukokotolewa kutoka kwenye saa na hubadilika kila sekunde 30, hivyo hata dakika chache zinatosha kuzifanya zikataliwe. Kijana alikuwa na akaunti ya barua pepe yenye ulinzi huo, na tangu asubuhi namba zake zote zilikuwa zinarudishwa. Alidhani ameibiwa akaunti.

Itakapotokea saa ni sahihi, mwaka ni sahihi, ukanda ni wetu, na bado programu inakulaumu kwa cheti, usiendelee kuzungusha mishale. Ukiona kosa hilo kwenye Wi-Fi moja tu na ukitumia data ya laini linatoweka, kasoro iko kwenye ile Wi-Fi, pengine kuna ukurasa wa kuingilia uliokaa katikati. Ukiona kwenye tovuti moja tu, mwenye tovuti amesahau kuhuisha cheti chake. Kwenye kifaa cha miaka mingi, orodha ya mamlaka iliyowekwa kiwandani inaweza kuwa imechakaa: 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha mizizi, yaani cha mamlaka yenyewe, kilichotegemewa na tovuti nyingi kilikwisha muda, na kompyuta na iPhone za zamani zikaanza kukataa tovuti zilizokuwa nzima, saa zao zikiwa sahihi kabisa.

Mama alirudi Ijumaa akanionyesha simu. Alikuwa ametoka Kasindi kuchukua mzigo, na kioo kilikuwa kinasoma saa ya Uganda. "Nilimkuta dereva wa Kongo," akasema, "ananiambia nimewahi saa nzima. Nikamwambia hapana, mwanangu, wewe ndiye umechelewa."

Betri nimeibana kwa kipande cha karatasi iliyokunjwa, maana vibano vyake vimelegea. Ikianguka tena itasahau tarehe kama kawaida, ila sasa inajua pa kuuliza.